Usisimame Hapo Konani

Taa nyekundu za nyuma za kosta zilipotelea mteremkoni, nami nikabaki ukingoni mwa lami nimemshika mwanangu mkono. Ilikuwa saa 12:09 asubuhi, Ijumaa ya kwanza ya Machi 2025, giza bado halijaondoka vizuri, na gari la shule lilikuwa limetupita karibu kiasi cha kuturushia upepo wake. Halikupunguza hata mwendo. Mtoto akaniangalia, akauliza: "Mama, kwani anko hajatuona?"

Hakutuona kwa sababu alikuwa anaangalia upande mwingine wa barabara. Na alikuwa anaangalia upande huo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Tunakaa Goba, upande wa vilima wa Dar es Salaam, katika mtaa ambao barabara yake ni ya vumbi wakati wa jua na ni ya matope wakati wa masika. Kwa miaka miwili gari lilikuwa likiingia mpaka getini kwetu. Wiki ile mvua ilibomoa kalavati, na kosta haikuweza tena kuvuka. Usiku wa Alhamisi, baada ya kuosha vyombo, nilimwandikia dereva ujumbe huu kwenye simu:

"Habari za usiku. Kuanzia kesho mtoto tutamleta pale kona ya juu, mkono wa kulia, mbele ya duka la wakala. Asante."

Niliona nimemaliza kazi. Niliandika kwa adabu, ujumbe mfupi, na kila kitu nilichokitaja kipo kweli. Mtu wa mtaani kwetu angeusoma na kuelewa mara moja. Lakini dereva si mtu wa mtaani kwetu, na hicho ndicho nilichokisahau.

Siku hiyo nilimpeleka mtoto shule kwa bodaboda, nikamsubiri dereva pale wanapoegesha magari. Ni mtu mzima, ameendesha magari ya abiria tangu mimi niko shule ya msingi, na wazazi wote humwita Mzee. Nilimwamkia, nikamwonyesha ujumbe wangu. Akaucheka kidogo, kisha akaanza kunieleza kwa upole, neno kwa neno, jinsi alivyousoma.

Maneno matano yaliyompoteza Mzee

"Mwanangu," aliniambia, "barabara ile kutoka Mbezi Mwisho mpaka kwenu ina kona si chini ya saba, na kila kona ina wakala."

Neno la kwanza lililomsumbua lilikuwa hilo hilo la kona. Sisi huliita kona pale barabara inapojipinda, na huliita kona pia pale barabara moja inapokutana na nyingine. Dereva anaposema "ile kona kali" huwa anazungumzia mpindo. Mimi nilikuwa na maana ya mdomo wa barabara yetu ya vumbi unapogusa lami. Mzee akatafuta mpindo, akaupata, na pale kwenye mpindo kulikuwa na kibanda cha wakala. Akasimama dakika mbili. Hakuona mtu, akaondoka.

Neno la pili lilikuwa juu. Kwetu "juu" ni kwenye lami, kwa sababu nyumba yetu iko bondeni na tunapanda kwenda barabarani. Lakini anayetokea Mbezi Mwisho anaifikia sehemu ile akiwa anateremka. Kwake yeye, sehemu ya juu ilikuwa imeshapita.

La tatu lilikuwa mkono wa kulia, na hili ndilo lililotupitisha. Mimi nikitoka nyumbani kwa miguu na kufika kwenye lami, duka la wakala liko mkono wangu wa kulia. Kwa hiyo niliandika kulia. Mzee yeye anakuja akiwa amekaa kwenye usukani, lami iko mbele yake na mtaa wetu uko ubavuni. Kulia kwake si kulia kwangu. Alipokaribia mahali petu alikuwa anakagua upande wa kulia wa barabara kwa makini, wakati sisi tulikuwa tumeshavuka na kusimama kushoto kwake, upande ambao mlango wa gari unafungukia. Kulia na kushoto hazina maana yoyote mpaka useme mtu anatokea wapi.

Neno la nne ni dogo sana: mbele. "Mbele ya duka" kwa Kiswahili chetu huweza kuwa usoni pa duka, mlangoni kabisa. Huweza pia kuwa ukishalipita duka, mbele zaidi. Ukimwambia mtu aliyesimama "niko mbele ya msikiti", atakuja mlangoni. Ukimwambia mtu aliye mwendoni, anaweza kuupita msikiti na kuendelea kutafuta. Mzee alishauri niandike "mlangoni pa duka", au niandike "ukishalipita duka". Yote mawili hayana njia mbili.

La tano lilikuwa kesho. Niliutuma ujumbe saa 5 usiku. Yeye huwa amelala saa 3, kwa kuwa saa 10 alfajiri anatakiwa awe amewasha gari. Aliusoma alfajiri ya Ijumaa, na kwa dakika nzima akajiuliza: kesho ya jana ni leo, au kesho anayosema ni ya siku nyingine? Tena kesho yake ilikuwa Jumamosi. Aliamua ni leo, na aliamua sawa, lakini ilikuwa bahati.

Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa la uongo. Yote yalikuwa kweli kwa mtu anayetoka mlangoni kwangu kwa miguu, mchana, akiwa anaujua mtaa. Ujumbe kwa dereva huandikwa kwa macho ya mtu aliyekaa kwenye usukani, gizani, akitokea upande wake.

Kona ni ya kutambulia, si ya kusimamia

Nilipomwambia kwamba nimemwelewa na nitamchorea kona yetu vizuri, Mzee akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Sawa, hiyo ndiyo kona. Mtoto atasimama wapi?"

Nilidhani ni kitu kimoja. Yeye alivitenganisha. Kona humsaidia dereva kujua amefika, lakini ni mahali pabaya pa kumsimamisha mtoto, na pabaya zaidi pa kusimamisha gari. Gari refu linapokata kona, tairi la nyuma la ndani halifuati alama ya tairi la mbele. Hukata ndani zaidi, karibu na ukingo. Lori la mchanga likiingia mtaani linaweza kupitisha bodi yake mbali na mtoto, kisha tairi za nyuma zikapanda pale pale aliposimama. Aliyewahi kuona mawe ya pembeni yaliyosagika kwenye mdomo wa barabara ya mtaa ameshaona alama ya jambo hilo.

Gari la shule likisimama konani nalo huziba macho ya wengine. Anayetoka mtaani haoni anayekuja kwenye lami, na bodaboda anayelipita gari lililosimama hajui nani anachomoza upande wa pili. Kwa hiyo mahali pa kupandia panatakiwa pawe hatua kadhaa kutoka konani, pawe na nafasi ya gari kutoka kidogo kwenye lami, na pasiwe na mtaro wazi kati ya mlango na ukingo.

Kuna jambo jingine linaloamua mahali hapo, nalo ni upande. Kwetu magari hupita kushoto na mlango wa abiria wa kosta uko kushoto. Mtoto akisubiri kulia mwa dereva, lazima mtu avuke barabara: ama mtoto atavushwa gari likiwa limesimama na wengine wanalipita, ama dereva ahame upande. Mzee hafanyi hilo la pili kabisa. Kama barabara inamlazimu mtoto kuvuka asubuhi, basi mtu mzima amvushe mapema, gari lisije likamkuta katikati. Likifika likute kazi hiyo imekwisha na mtoto yuko upande wa mlango.

Na gari likipita? Ndipo nilipojua kwa nini asubuhi ile hakurudi nyuma. Kosta ina urefu wa mita saba hivi. Haigeuki kwenye lami nyembamba kwa mkupuo mmoja, na dereva mwenye akili harudi kinyumenyume akiwa na watoto ndani na giza nje. Huendelea mpaka apate mahali pa wazi pa kugeuzia, arudi, kisha ageuze tena ili aelekee shule. Mzee alinihesabia: kwetu ingemchukua karibu robo saa, na nyuma yetu kuna watoto wengine 14 wanaosubiri kwenye vituo vyao. Robo saa yangu ingekuwa robo saa ya kila mmoja wao.

Alama zinazoonekana saa 12 asubuhi

Jumamosi jioni nilipanda bodaboda mpaka Mbezi Mwisho, nikamwomba kijana anirudishe taratibu kwa njia ya gari la shule, nikiwa na kalamu na karatasi. Ilikuwa safari fupi ya kushangaza, kwa sababu barabara niliyoipita kwa miaka ilikuwa ngeni ikitazamwa kutoka upande ule. Duka la wakala nililolitegemea halikuonekana kabisa. Limefichwa na mti, na unaliona tu ukishalifikia.

Nikarudia safari hiyo Jumapili saa 12 asubuhi. Hapo orodha yangu ilipungua zaidi. Kijiwe cha bodaboda hakikuwa na mtu. Muuza chipsi ambaye jioni humulika eneo lote kwa taa yake alikuwa amelala kwake, na meza yake ilikuwa imegeuzwa juu chini. Bango la rangi nilikuwa nalijua maandishi yake, lakini gizani lilikuwa ubao mweusi tu. Mwezi Machi jua la Dar es Salaam huchomoza karibu saa 12 na nusu, na Julai ni hivyo hivyo au baadaye kidogo, kwa hiyo gari la saa 12 kamili na dakika tano hufanya kazi yake gizani sehemu kubwa ya mwaka. Kitu kisichoonekana gizani hakimsaidii dereva wa asubuhi.

Vilivyobaki vilikuwa vinne. Sheli, ambayo taa zake huonekana kutoka mbali. Matuta mawili baada ya sheli. Transfoma iliyokaa juu ya nguzo mbili, ambayo umbo lake husimama angani hata kabla ya jua. Na duka la vifaa vya ujenzi lenye milango mitatu ya bluu, ambalo mwenyewe huacha taa ya nje ikiwaka usiku kucha.

Mzee aliyapenda matuta kuliko vyote. Tuta halihitaji macho. Dereva hulihisi kwenye kiti, na hata kama anazungumza na matroni kuhusu mtoto anayelia nyuma, hawezi kulipita bila kujua, kwa sababu lazima apunguze mwendo. Akiambiwa "hesabu matuta mawili", anafika mahali petu akiwa tayari anakwenda polepole.

Yeye ndiye aliyeniongezea alama ya tano, ile ambayo wazazi wengi hawaiandiki: alama ya kumwambia dereva kwamba ameshapita. Kwetu ni msikiti, upande wa kushoto, mbele kidogo ya duka la vifaa. Bila alama hiyo, dereva aliyepitiliza huendelea kutafuta, akiamini kona iko mbele bado, na kila dakika anazidi kwenda mbali. Akiwa nayo, anajua palepale, na anafanya mlichokubaliana, yaani kusimama mahali salama na kupiga simu.

Majina ya vituo nayo yana nafasi yake, lakini yana masharti. Dar es Salaam imejaa vituo vilivyopewa majina na makonda na abiria. Kituo cha Sinza kwa Remmy kimebeba jina la mwanamuziki Remmy Ongala, aliyefariki Desemba 2010, na mpaka leo watu wanashuka "kwa Remmy". Anayeshuka Tangi Bovu hatafuti tangi. Majina haya ni mazuri kwa kumfikisha dereva eneo, kwa sababu kila mtu wa barabarani anayajua. Hayamfikishi mlangoni, kwa sababu kituo ni eneo pana na lina pande mbili.

Anwani za makazi, zile namba za nyumba na vibao vya majina ya mitaa vilivyoenea nchini mwaka 2022 wakati wa maandalizi ya sensa, nazo ziwekwe mwishoni mwa ujumbe kama zipo. Dereva hasomi namba ya ukutani akiwa mwendoni. Lakini akipotea na kumuuliza mtu, au mtu wa ofisini akitaka kutafuta mahali kwenye ramani, namba hiyo haina mabishano.

Ujumbe wenyewe

Jumapili saa 10 jioni, wakati Mzee yuko macho na gari liko nyumbani, nilituma ujumbe wa pili. Nauweka hapa kama ulivyokuwa, isipokuwa jina la mwanangu na namba za simu nimeziondoa.

"Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa (jina kamili la mtoto), darasa la pili, gari la Goba. Nimeshaijulisha ofisi ya usafiri.

Kuanzia Jumatatu tarehe 10 Machi 2025, asubuhi na jioni, usiingie mtaani kwetu. Kalavati limebomoka. Mabadiliko haya ni mpaka nitakapokuandikia tena.

ASUBUHI, saa 12:05. Ukitokea Mbezi Mwisho, utapita sheli iliyo kushoto kwako. Baada ya sheli hesabu matuta mawili. Ukishavuka tuta la pili utaona transfoma kushoto, halafu barabara ya vumbi inaingia kulia. Usisimame hapo konani. Ipite kona, hatua kama 20, usimame kushoto, mlangoni pa duka la vifaa vya ujenzi lenye milango mitatu ya bluu. Taa yake huwaka usiku kucha. Mtoto atakuwa upande huo huo wa kushoto na mtu mzima, ameshavushwa. Ukifika msikitini, umetupita. Usirudi nyuma, nipigie.

JIONI, karibu saa 10:20. Ukitokea Tangi Bovu, utapita msikiti ulio kulia kwako, kisha duka lile lile la milango ya bluu, nalo kulia. Hapo barabara ya vumbi inaingia kushoto. Ipite, simama kushoto kwenye ukuta mweupe. Ukihisi tuta, umetupita. Anayempokea ni mimi au dada wa nyumbani ambaye matroni anamjua. Kama hakuna hata mmoja wetu, asishushwe. Nipigieni."

Ukiusoma taratibu utaona mpangilio wake ni ule ule wa safari. Vitu vinakuja kwa mfuatano ambao dereva atakutana navyo, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kina upande wake. Ninaanza na mahali anapotokea, nafuatia na alama za njiani, kisha kona, kisha mahali pa kusimama, na mwisho alama ya kupitiliza. Haurudi nyuma hata mara moja kusema "kabla ya hapo lakini".

Utaona pia kwamba jioni imepewa maelezo yake peke yake. Nilitaka kuandika "na jioni ni hapo hapo", maneno matano tu, nikaacha. Jioni gari linatoka upande wa pili, kwa hiyo kila kilichokuwa kushoto kimekuwa kulia, na cha mwisho kimekuwa cha kwanza. Kama Mzee angemshusha mtoto "hapo hapo", ingebidi asimame kulia mwa barabara, au mtoto ashukie upande wa pili na avuke peke yake. Kwetu asubuhi ndiyo yenye kuvuka na jioni haina. Kwingine huwa kinyume. Mzazi asiyetenganisha safari hizi mbili huwa ameelezea nusu ya siku.

Kuhusu saa, niliandika 12:05 na neno ASUBUHI juu yake kwa makusudi. Simu huonyesha 06:05, na mtu akinakili hivyo na kuandika "saa 6:05" anaweza kusomeka kama saa sita mchana. Mzazi mmoja wa gari letu aliwahi kuandika kwamba mtoto achukuliwe "saa 4:30", akiwa na maana ya jioni. Matroni akamwandaa saa nne na nusu asubuhi, mtoto akakaa ofisini na begi lake mgongoni mpaka mama alipopatikana kwa simu.

Ramani, picha na watu wa kuambiwa

Wengi hudhani siku hizi inatosha kutuma alama ya mahali kwa WhatsApp. Inasaidia, na mimi niliituma, lakini ina mipaka yake. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea kwa mita tano hivi, na karibu na majengo marefu au ukiwa ndani hukosea zaidi. Upana wa lami ya mtaani haupishani sana na kosa hilo. Kwa hiyo alama inaweza kukuonyesha upande wa pili wa barabara, na upande ndio hasa tunaoutaka. Ukituma, nenda ukasimame pale pale mtoto atakaposimama, subiri kidogo, na uangalie simu inajisifu ina usahihi wa mita ngapi kabla ya kubonyeza. Ukiituma ukiwa sebuleni, dereva atapelekwa sebuleni kwako.

Picha ni nzuri zaidi kama imepigwa kutoka anakotokea gari, si kutoka getini kwako. Niliipiga yangu nikiwa kwenye tuta la pili, nikiangalia mbele, Jumapili ile ile kabla ya jua. Ilikuwa na giza na haikupendeza, lakini ndiyo Mzee atakayoiona.

Dereva hatakiwi kusoma akiwa kwenye usukani, kwa hiyo ujumbe nilimtumia na matroni, ambaye asubuhi huushika na kumsomea. Na kabla yao nilianzia ofisi ya usafiri ya shule, kwa sababu dereva habadilishi kituo kwa ujumbe wa simu tu. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba yeye ni mama wa fulani na mtoto ashushiwe mahali pengine. Mzee alinipigia Jumapili ile kwa namba iliyo kwenye fomu yangu ya shule, akataka asikie sauti yangu nikiyarudia maelezo. Mwanzoni nilidhani ananisumbua. Baadaye nilielewa kwamba dereva asiyepiga simu ndiye wa kuogopwa.

Sikuuweka ujumbe ule kwenye kundi la wazazi. Lina watu wengi, wengine siwajui, na ujumbe unasema mtoto gani anasimama wapi, saa ngapi, na nani anampokea.

Siku ya deiwaka

Jumatatu gari lilisimama mlangoni pa duka saa 12:06. Mtoto akapanda, Mzee akapunga mkono, basi. Kipimo halisi kilikuja wiki ya tatu, Mzee alipougua na shule ikaleta deiwaka, kijana ambaye hakuwahi kufika Goba. Matroni naye siku hiyo hakuwepo, alikuja wa gari jingine. Nilikaa na wasiwasi, simu mkononi, tayari kuelekeza.

Kosta ikatokea, ikapunguza mwendo kwenye tuta la kwanza, ikapunguza kwenye la pili, ikapita kona bila kusita na kusimama mlangoni pa duka. Kijana akanisalimia kama ananijua. Mzee alikuwa amempelekea ujumbe wangu usiku, bila kuongeza neno.

Masika yaliisha, kalavati bado halijajengwa, nasi tumebaki na kituo chetu cha barabarani. Mwezi uliopita mwenye duka la vifaa alipata kampuni ya kumpakia rangi bure, na milango yake mitatu sasa ni myekundu. Jioni hiyo hiyo nilimwandikia Mzee, matroni na ofisi: "Milango ya bluu sasa ni myekundu. Taa ipo. Matuta yapo. Mengine yote ni yale yale."